Robo Nane za Ziwani

Kila jioni mazoezi yakiisha, Ephrasia alihesabu herufi. Alikaa kwenye ngazi ya chumba cha klabu, pembeni ya uwanja wa shule, akazitandaza mapajani zile fulana nyepesi wanazovaa wachezaji wa netiboli juu ya jezi, kila moja na herufi zake kifuani: GS, GA, WA, C, WD, GD, GK. Saba za njano, saba za bluu. Alizikung'uta vumbi, akazikunja, akazifunga kwa kamba ya katani na kuzitia kwenye mfuko wa salfeti. Hakuna aliyempa kazi hiyo. Aliipenda kwa sababu haikudai kuongea na mtu.

Alhamisi ile alikuwa amefika fulana ya tano kivuli kilipomwangukia mikononi.

"Dada Ephrasia, shikamoo. Naomba pini yangu."

Alikuwa Violet, yule binti wa Lipingo, kijiji cha ziwani, mwembamba kama mwanzi, begi la nguo tayari limening'inia begani.

"Marahaba. Pini gani?"

"Iko kwenye GA ya njano. Ubavuni, upande wa kushoto. Ni ya mama, nilimwahidi nitamrudishia."

Ephrasia aliigeuza GA ya njano. Kweli, pembeni palikuwa na pini kubwa ya kubania kanga, imekunja kitambaa pande mbili. Aliitazama kwa muda. Fulana ile ilikuwa ya Dorothy, nahodha, mwanamke wa mabega mapana ambaye asingeingia ndani yake ikiwa imebanwa namna ile.

"Umeibana lini?"

"Tangu ile safari ya Kihagara. Ilikuwa inanipwaya, nikiruka inanifunika uso. Dada Dorothy akipumzika ananivulia, mimi naibana, naingia." Violet alicheka kidogo, kisha kicheko kikaisha. "Nimesikia ripoti imeshakwenda kwa katibu. Wanasema mimi nina asilimia sitini. Nilidhani nimefunga zaidi ya hapo, lakini wewe ndiye mwenye kuhesabu."

"Nani kakuambia?"

"Mji huu nao una siri? Jumatatu nashuka zangu ziwani. Baba amesema dagaa wa usipa wameanza kutoka kwa wingi, mikono inahitajika kwenye vichanja vya kuanikia."

Ephrasia alifungua pini. Ikamchoma kidole. Alimpa, naye Violet akaifuta kwenye sketi yake, akaichomeka kwenye mkanda wa begi, akaaga.

Herufi za siku ile hazikumaliza kuhesabiwa.

Ripoti ilikuwa hivi. Klabu ya Ngoro Queens ya mjini Mbinga ilikuwa imefuzu kwenda ligi ya mkoa, Songea. Wachezaji wanaoruhusiwa kuandikishwa kwa mechi ni kumi na wawili. Kumi walikwishapatikana bila ubishi, zikabaki nafasi mbili za wafungaji, na wafungaji walikuwa watatu: Hildegardi, Dorothy na Violet. Kocha wao, Mwalimu Rodrick, alikuwa amehamishiwa Tunduru mwezi uliopita, kwa hiyo hapakuwa na mtu wa benchi wa kuulizwa. Mwenyekiti, Mzee Mansuetus, akasema, "Si tuna msomi wa takwimu? Atupe namba." Wote wakamgeukia Ephrasia, naye akatazama viatu vyake na kusema sawa.

Alikuwa na stashahada ya takwimu, na kazi kwenye ofisi ya chama cha ushirika cha kahawa. Namba zilikuwa mahali alipopumulia. Kwa netiboli hesabu yenyewe haikuwa ngumu: wanaoruhusiwa kutupa mpira golini ni wawili tu, GS anayekaa karibu kabisa na goli, na GA anayemsaidia. Karatasi ya mechi ina mstari wa GS na mstari wa GA, robo kwa robo, dakika kumi na tano kila robo. Kila mtupo ni duara. Ukiingia, duara linakatwa kwa mstari. Ephrasia alizipanga mechi zote kumi, akajumlisha.

Hildegardi, dakika 540, mitupo 320, magoli 256. Asilimia themanini, magoli saba kwa robo.

Dorothy, dakika 555, mitupo 259, magoli 185. Asilimia sabini na moja, magoli matano kwa robo.

Violet, dakika 105, mitupo 40, magoli 24. Asilimia sitini, matatu na nusu kwa robo.

Chini yake aliandika sentensi iliyomgharimu saa nzima: "Kwa kuzingatia dakika na ufanisi, Kamati inaweza kuona vyema kuwafikiria Hildegardi na Dorothy." Akaikabidhi Jumatano kwa katibu, Mama Ottilia. Usiku ule alilala vizuri, kwa sababu Dorothy alibaki kwenye orodha, na Dorothy na yeye walikuwa wakiishi chumba kimoja.

Huyo Dorothy ndiye aliyemtoa Ephrasia ndani. Miaka mitatu iliyopita, mgeni mjini, alikuwa akitoka ofisini anajifungia, anakula chakula cha jana. Dorothy, mpangaji wa chumba cha pili, mwuza mitumba sokoni, alimgongea mlango Jumamosi moja akamwambia, "Wewe, unaozea humo ndani kama kiazi. Njoo ushike karatasi ya magoli, hutaongea na mtu." Baadaye wakahamia pamoja ili wasaidiane. Kila asubuhi Dorothy alisonga uji, Ephrasia akaosha vikombe. Hakuwa na dada wa tumbo moja. Alikuwa na huyu.

Sasa alikuwa amekaa kwenye ngazi na GA mkononi, na palipokuwa na pini pamebaki matundu mawili madogo.

Mechi nne za ziwani hakwenda. Watu wote waliamini ni kazi za ofisi, msimu wa kahawa. Ukweli ni kwamba zile kona za kuteremka ziwani zilimtapisha. Safari ya kwanza alitapika mara tatu mbele ya timu nzima, akaona afadhali afe kuliko kurudia. Kwa hiyo karatasi ya mechi alimwachia Wilfred, dereva wa Kosta iliyobeba timu, pamoja na maelekezo aliyoyaandika mwenyewe kwa mkono wake mzuri.

Alimkuta Wilfred gereji, amelala chini ya gari, miguu tu inaonekana.

"Kaka Wilfred. Kule ziwani, Dorothy alicheza mechi nzima?"

"Nani huyo? Ephrasia? Leo umetoka kwenye ganda." Miguu ilisogea. "Dorothy? Hapana, nusu ya pili alikuwa anakaa na barafu gotini. Anaingia yule mtoto wa Lipingo. Aisee, yule anafunga kama anachuma kahawa iliyoiva."

"Mechi zote nne?"

"Kihagara, Ngumbo, Lipingo, Mbamba Bay. Zote."

"Mbona kwenye karatasi hukuandika mabadiliko?"

Wilfred alijivuta akatoka, uso una oili, mkono umeshika spana. "Mdogo wangu, maelekezo yako ninayo hadi leo kwenye dashibodi. 'GA akitupa, chora duara mstari wa GA. Mpira ukiingia, likate.' Hukuniambia niangalie nani yumo ndani ya herufi."

Ilikuwa kweli. Majina aliyoyaona juu ya karatasi yalikuwa ya walioanza mechi. Akayachukua, akampa Dorothy kila duara lililochorwa chini yake.

Alimpigia Mwalimu Rodrick, Tunduru. Simu ilikuwa inakatika, lakini jibu lilifika lote. Robo ya tatu na ya nne, mechi zote nne, GA alikuwa Violet. "Nilidhani imeandikwa," alisema Mwalimu. Kisha akaongeza taratibu, "Goti la Dorothy lina shida, Ephrasia. Aliniomba nisilitangaze. Mimi nilikubali, na labda nilikosea."

Ijumaa aliomba ruhusa ya mchana ofisini, akazitandaza zile karatasi nne. Uzuri wa karatasi ya netiboli ni kwamba kila robo ina safu yake. Kilichochanganywa kwa majina kingeweza kutenganishwa kwa robo. Robo mbili kwa mechi nne, robo nane, dakika 120. Katika robo hizo nane mstari wa GA ulikuwa na mitupo 64 na magoli 55. Aliihesabu mara ya pili kwa kalamu nyekundu. Hamsini na tano.

Akaiondoa kwa Dorothy, akaiweka kwa Violet.

Dorothy akabaki na dakika 435, mitupo 195, magoli 130. Asilimia sitini na saba, magoli manne na nusu kwa robo. Violet akawa na dakika 225, mitupo 104, magoli 79. Asilimia sabini na sita, magoli matano na zaidi kwa robo. Na zile robo saba alizohesabiwa mwanzo, zilizomwonyesha dhaifu, nne kati yake alizicheza GS akimshikia nafasi Hildegardi, na GS si mahali pa mtu mfupi wa wepesi wake.

Ephrasia aliweka kalamu chini. Nje watu walikuwa wanapita na magunia yao wakitaniana kwa Kimatengo, na mtu mmoja alicheka sana. Yeye alijisikia kama mtu aliyemkuta mwizi, halafu akatazama akaona ni mkono wake mwenyewe.

Jioni ile Dorothy alikuwa amekaa kitandani, mguu juu ya ndoo iliyopinduliwa, anapaka dawa ya kuchua.

"Baridi ya Mbinga inaingia mpaka kwenye mfupa," alisema. "Mbona hujavua koti? Umeona jini?"

"Dada Dorothy."

"Nakusikia."

"Kuna kitu nataka..." Ephrasia alitazama ile dawa. "Kesho kwenye kikao utakuwepo?"

"Nahodha huwa anaingia, si unajua? Tangu lini kikao kikakosa nahodha?"

"Ndiyo. Najua."

"Basi?"

"Basi. Nilikuwa nauliza tu."

Dorothy alimwangalia kwa muda mrefu kidogo kuliko kawaida, akafunga kifuniko cha dawa. Asubuhi alisonga uji kama kawaida, lakini haukuwa na sukari, nao wakaunywa hivyohivyo.

Kikao kilikaa saa nne asubuhi kwenye ukumbi mdogo wa parokia, viti sita kuzunguka meza ya mbao. Mzee Mansuetus alikaa kichwani na kofia yake mezani. Mama Ottilia alikuwa na daftari la kumbukumbu. Mjumbe mwingine alikuwa Bwana Meshack, mwalimu mstaafu aliyezaliwa Ngumbo na kuoa Mbinga, ambaye kwa miaka ishirini hajaacha kutaniwa kuwa ananuka samaki. Dorothy alikaa karibu na dirisha, amenyoosha mguu. Ephrasia alikaa mwisho kabisa, na bahasha mpya chini ya paja.

Baada ya sala, Mzee Mansuetus alifungua ripoti ya Jumatano. "Binti yetu ametufanyia kazi safi. Namba zinajisema. Hildegardi na Dorothy. Kama hakuna neno, tupitishe, twende tukachume kahawa."

"Mimi ninalo neno dogo," alisema Bwana Meshack. "Yule mtoto wa Lipingo nilimwona kwa macho yangu pale Ngumbo. Asilimia sitini? Au watu wa mlimani mna kipimo chenu?"

"Wewe, Meshack, ukiona mtu wa ziwani anashika mpira unaona malaika."

"Na wewe ukimwona unaona usipa."

Wakacheka. Mama Ottilia aliinua kalamu. "Mwenyekiti, nimwandike nani kama mtoa hoja ya kupitisha?"

Ephrasia alisimama. Kiti chake kilikwaruza sakafu, na macho yote yakamjia. Alitoa bahasha, akagawa karatasi bila kusema, kama anavyogawa stakabadhi ofisini.

"Hii ni nini tena?" aliuliza Mzee Mansuetus, akitafuta miwani.

"Ni masahihisho, Mzee." Sauti yake ilikuwa ndogo kiasi kwamba Mama Ottilia alisogeza kiti. "Ile ya kwanza ina kosa. Kosa ni langu."

Alieleza. Alieleza akitazama meza. Kwamba mechi nne za ziwani hakuwepo. Kwamba si kwa sababu ya kazi. Ni kwa sababu gari linamtapisha, na aliona aibu kusema. Kwamba alimwachia Wilfred maelekezo yanayohesabu herufi badala ya watu. Kwamba robo nane alizompa Dorothy zilikuwa za Violet, na Mwalimu Rodrick amethibitisha kwa simu.

Hakumtazama Dorothy. Alisikia kiti cha dirishani kikilia kidogo.

"Lakini dakika zake ni chache," alisema Mama Ottilia, kidole kwenye karatasi. "Mia mbili ishirini na tano kwa mia nne thelathini na tano. Mtu anaweza kuwa na bahati."

"Ni kweli, Mama. Ndiyo maana nimeweka jedwali la pili." Hapo sauti ilimwongezeka kidogo, alikuwa kwenye nchi yake. "Hizo mechi nne tu. Robo mbili za kwanza GA ni Dorothy: mitupo 56, magoli 36. Robo mbili za mwisho GA ni Violet: mitupo 64, magoli 55. Wapinzani walewale, goli lilelile, siku ileile. Dorothy asilimia sitini na nne. Violet themanini na sita."

"Mwisho wa mechi mabeki huwa wamechoka," alisema Mzee Mansuetus.

"Ndiyo, Mzee. Hilo nimeliandika, mstari wa mwisho wa ukurasa wa pili. Inapunguza tofauti. Sidhani kama inaimaliza."

Bwana Meshack alikuwa ameacha kutabasamu. Alikuwa anasoma kwa makini, midomo ikicheza. Mzee Mansuetus alivua miwani, akaivaa tena, akasoma kwa sauti sentensi ya mwisho.

"'Kwa kuzingatia masahihisho haya, Kamati inaweza kuona vyema kulitazama upya suala la mfungaji wa pili.'" Aliweka karatasi chini. "Tumelitazama. Sasa?"

"Sasa, Kamati inaweza..." Ephrasia alikunja kona ya karatasi. "Inaweza kufikiria, kulingana na malengo ya klabu..."

"Binti yangu, mimi nimesoma mpaka darasa la saba. Kulitazama upya ni nini? Abaki nani, aende nani?"

Alifungua mdomo. Kilichomjia kichwani si namba, ni uji. Ni mkono unaogonga mlango, Jumamosi, miaka mitatu iliyopita. Na upande mwingine wa kichwa chake palikuwa na begi la nguo na pini ya mama wa mtu, na basi la Jumatatu.

"Takwimu zinaelekea kuonyesha..." alianza, akakwama.

"Mwenyekiti." Ilikuwa sauti ya Dorothy. Haikuwa na hasira; ilikuwa na uchovu, kama ya mtu aliyefika nyumbani na mzigo. "Naomba nimsaidie katibu kwa kitu kimoja, aandike. Goti langu linavimba tangu Machi. Robo ya tatu siwezi kuruka. Nilimwomba Mwalimu asiseme. Huyu hakujua, na tunalala chumba kimoja." Alikuna kitambaa cha sketi. "Lakini sijajiuzulu. Nimesema goti tu. Kuchagua ni kwenu, na kupendekeza ni kwake. Ndiyo kazi mliyompa."

Mama Ottilia aliandika, kalamu ikikwaruza.

"Nilijua tangu jana uliposhindwa kuvua koti," Dorothy alimwambia Ephrasia, polepole, kana kwamba wamo wawili tu. "Usiku kucha nasubiri useme. Na uji nimekunyima sukari makusudi, nikadhani labda utaamka. Sema, mdogo wangu. Usiniandikie barua."

Bwana Meshack alikohoa. Mzee Mansuetus alichukua kofia yake mezani, akaishika kwa mikono miwili, akangoja.

Ephrasia aliinua macho kutoka kwenye meza. Yalipita kwenye daftari, yakapita kwenye dirisha, yakafika kwenye uso wa Dorothy, yakabaki hapo. Yalikuwa yamejaa machozi, lakini sauti ilipotoka ilikuwa kavu na ya kawaida, na ilifika hadi kichwani mwa meza.

"Waende Hildegardi na Violet. Wewe, dada Dorothy, hapana. Nakupenda kuliko mtu yeyote katika mji huu, na napendekeza usiende Songea."